Ndugu yangu alikaa mahabusu siku nane bila kupelekwa mahakamani: shauri la kikatiba linaandikwaje?

*"Shikamoo wakili. Mdogo wangu ni dereva wa bajaji hapa Mbeya. Alikamatwa Jumanne saa 3:20 asubuhi pale Mwanjelwa, wakasema amepokea simu za wizi. Hakupelekwa mahakamani hata siku moja. Tuliomba dhamana mara mbili tukaambiwa upelelezi haujakamilika. Ameachiwa Jumatano ya wiki iliyofuata saa 8 mchana kwa dhamana ya polisi, na hadi leo, wiki ya sita, hajashtakiwa. Tunataka kufungua shauri la kikatiba Mahakama Kuu. Maelezo tunayaandikaje, na tuombe amri zipi?"*

Marahaba, dada yangu. Nianze na jambo ambalo nikilinyamazia, kila utakachoandika baadaye kitajengwa juu ya mchanga. Watu wengi huandika kwamba sheria inamtaka polisi amfikishe mtuhumiwa mahakamani ndani ya saa 24, mdogo wao alikaa zaidi ya hapo, basi haki imevunjwa. Wakili wa Serikali akisoma sentensi hiyo anafurahi, kwa sababu kifungu chenyewe hakisemi hivyo.

Kifungu cha 32 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kinamhusu mtu aliyekamatwa bila hati. Kinasema kwamba ikionekana haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo anapaswa kulichunguza suala lake na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa akiona kosa ni zito. Akibaki naye, anatakiwa kumfikisha mahakamani mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo saa 24 ni alama ya njiani. Ikishapita, kituo kina mambo mawili tu ya kufanya: kumpa dhamana, au kumpeleka mahakamani mapema iwezekanavyo. Shauri lenu litasimama au kuanguka kwenye maneno hayo ya mwisho, na kazi ya maelezo yenu ni kuonyesha kwamba iliwezekana kabisa, siku baada ya siku, na haikufanyika.

(Namba za vifungu vya Sura ya 20 ninazotumia ni za kabla ya Toleo la Marekebisho la 2023, ambalo limeanza kutumika Julai 2025. Kabla hujaandika, linganisha na toleo jipya. Kunukuu namba iliyohama ni kosa dogo, lakini linawapa wapinzani pa kuanzia.)

Kuna saa nyingine ambazo watu huzichanganya na hizi. Kifungu cha 50 kinatoa saa 4 za kumhoji mtuhumiwa tangu anapowekwa chini ya ulinzi, na kifungu cha 51 kinaruhusu muda huo kuongezwa. Hizo ni saa za mahojiano. Zikikiukwa, athari yake kubwa ni kwenye maelezo ya onyo aliyoandikishwa, kwamba yanaweza kukataliwa kwenye kesi ya jinai. Msizitumie kama msingi wa madai ya kuzuiliwa. Mkizichomeka humo, mahakama itaona hamjui ni saa ipi mnayoilalamikia.

Sasa tuhesabu. Saa inaanza kwenda pale Mwanjelwa alipokamatwa, siyo pale jina lake lilipoandikwa kituoni. Kuanzia Jumanne saa 3:20 asubuhi hadi Jumatano ya wiki iliyofuata saa 8 mchana ni siku 8 kamili na saa 4 na dakika 40, yaani saa 196 na dakika 40. Ukiondoa zile 24 za kwanza, zinabaki saa 172 na dakika 40. Lakini jumla hiyo peke yake haitoshi. Kinachomgusa jaji ni siku za kazi. Baada ya saa 24 kwisha Jumatano ya kwanza saa 3:20 asubuhi, mahakama ilikuwa wazi siku hiyo yenyewe, Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu na Jumanne. Hizo ni siku tano za kazi kabla hata hatujafika Jumatano aliyoachiwa. Jumamosi na Jumapili ziacheni nje ya hoja. Mkizing'ang'ania mtaonekana mnatafuta idadi.

Kisha umbali. Mtu aliyekamatwa Kambikatoto huko Chunya wakati wa masika, au kijiji cha mwambao wa Ziwa Nyasa upande wa Ludewa, polisi anaweza kueleza kwa haki kwa nini siku mbili zilipita. Kwa mtu aliyeshikiliwa jijini Mbeya, ambako mahakama ziko jijini humohumo, maelezo hayo hayapo. Andikeni jina la kituo, jina la mahakama iliyo karibu yenye mamlaka juu ya kosa hilo, na mwendo wa gari kati yake. Kama alihamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, taja saa ya kuhamishwa, kwa sababu kuhamishwa hakuanzishi hesabu upya.

Ile sababu mliyopewa, kwamba upelelezi haujakamilika, iandikeni kama ilivyotamkwa, na nani aliitamka, siku gani. Hiyo ni hoja yenu, siyo yao. Upelelezi kutokamilika si sababu inayotajwa na kifungu cha 32. Watuhumiwa wangapi hufikishwa mahakamani, kesi ikaahirishwa upelelezi ukiendelea! Tofauti ni kwamba huko anayeamua kama mtu abaki ndani ni hakimu, mbele ya mtu mwenyewe, na dhamana inajadiliwa. Ndugu yenu alinyimwa hatua hiyo kwa siku nane.

Twende kwenye Katiba. Ibara inayobeba shauri hili ni ya 15. Ibara ndogo ya (1) inampa kila mtu haki ya kuwa huru, na (2)(a) inakataza kukamatwa au kuzuiliwa isipokuwa katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Utaratibu huo ndio kifungu cha 32, na hapo ndipo Katiba na Sura ya 20 zinaposhikana. Mnaweza kuongeza ibara ya 13(6)(b), ya kutotendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika. Kama alipigwa, ibara ya 13(6)(e) inaingia, lakini msiiguse kama hamna PF3 wala karatasi ya hospitali, maana dai moja lisilo na ushahidi linayachafua mengine yenye ushahidi. Ibara ya 30(3) ndiyo inayowapa mlango wa Mahakama Kuu. Msijaze ibara kumi. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, inataka mtaje ibara mahususi zilizovunjwa, ndani ya zile za 12 hadi 29.

Sheria hiyo, kwenye kifungu cha 6, ndiyo inayosema ombi liwe na nini: jina na anwani ya mleta maombi, jina na anwani ya kila anayelalamikiwa, misingi ya ombi, ibara husika, maelezo ya mambo yaliyotokea lakini si ushahidi wake, na nafuu inayoombwa. Hapo kwenye "lakini si ushahidi" ndipo wengi huteleza. Ombi linasema kilichotokea, na kiapo kinaonyesha kinajulikanaje. Mfano, kwenye ombi mtaandika hivi:

*4. Siku ya Jumanne, tarehe ..., saa 3:20 asubuhi, mleta maombi alikamatwa bila hati na askari polisi katika eneo la Mwanjelwa, Jiji la Mbeya, kwa tuhuma ya kupokea mali ya wizi.*

*5. Tangu saa hiyo hadi Jumatano, tarehe ..., saa 8:00 mchana, mleta maombi alizuiliwa mfululizo katika mahabusu ya kituo cha polisi cha ..., bila kufikishwa mbele ya mahakama yoyote.*

*6. Katika kipindi hicho, baada ya saa 24 za kwanza, Mahakama ya ... iliyopo umbali wa kilomita ... kutoka kituoni ilikuwa wazi kwa siku tano za kazi kabla ya siku aliyoachiwa.*

*7. Ndugu wa mleta maombi waliomba dhamana Alhamisi tarehe ... na Jumatatu tarehe ..., wakajibiwa na askari wa zamu kwamba upelelezi haujakamilika. Hakuna sababu nyingine iliyotolewa.*

Aya fupi, jambo moja kila aya, bila neno "kikatili" wala "kwa makusudi". Namba ya RB, jina la shahidi, picha ya karatasi ya dhamana, hivyo vyote viko kwenye kiapo kama vielelezo.

Viapo viwe viwili. Cha kwanza ni cha mdogo wako mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa ndani, na ndiye anayeweza kuapa kwamba hakuona mahakama. Cha pili ni chako wewe, lakini kwa yale tu uliyoyaona na kuyasikia: siku ulizopeleka chakula, siku ulizoomba dhamana, jibu ulilopewa. Jambo uliloambiwa na mtu mwingine, sema ni nani aliyekuambia na kwamba unaamini ni kweli. Kwenye viapo msiweke hoja za sheria wala maombi. Mahakama za Afrika Mashariki zimefuata msimamo huo tangu uamuzi wa Uganda wa mwaka 1966 katika shauri la Matovu, ambalo nalo lilihusu mtu aliyezuiliwa. Na mwisho wa kiapo, kamishna wa viapo aandike mahali na tarehe kilipoapwa. Mambo mawili hayo yakikosekana, kiapo kinaweza kutupwa na ombi zima likaanguka nacho.

Vielelezo vyenye nguvu kuliko vyote ni vile vilivyotengenezwa na polisi wenyewe. Karatasi ya dhamana ina tarehe ya kuachiwa. Kama walichukua simu au kitu kingine, walipaswa kutoa stakabadhi, nayo ina tarehe na mara nyingine saa, ambayo inathibitisha mwanzo. Daftari la mahabusu liko kwao. Kwenye kiapo elezeni kwamba lipo mikononi mwa mjibu maombi, kisha mpeni taarifa ya kumtaka alilete. Akikataa kulileta bila sababu, mahakama ina haki ya kujiuliza kwa nini. Kwa saa ya kukamatwa, tafuteni dereva mwenzake aliyekuwepo kijiweni, maana daftari huenda limeandika saa ya kufika kituoni, na tofauti ya saa moja au mbili ikijitokeza bila maelezo mtaonekana waongo.

Kiapo cha mdogo wako kieleze pia yeye binafsi ameathirikaje. Marekebisho ya mwaka 2020 ya Sura ya 3 yalidai hivyo, na ingawa masharti hayo yamepingwa mahakamani, kwa shauri la mtu mmoja kama hili haligharimu kitu kuyatimiza. Aeleze kwamba hakuweza kupeleka hesabu kwa mwenye bajaji kwa siku hizo, kiasi gani kwa siku, na kama bajaji alipewa dereva mwingine, lini. Mwenye bajaji akikubali kuandika barua fupi ya kuthibitisha, vizuri zaidi.

Walalamikiwa ni akina nani? Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima awemo. Mnaweza kumweka pia Mkuu wa Jeshi la Polisi. Kituo cha polisi si mtu kisheria, hakishtakiwi. Askari wa zamu kumweka peke yake ni kupoteza muda.

Sasa niliegemee lile linaloua maombi mengi ya aina hii kuliko jambo jingine lolote. Kifungu cha 8(2) cha Sura ya 3 kinaikataza Mahakama Kuu kutumia mamlaka yake ya kikatiba ikiwa imeridhika kwamba mlalamikaji ana njia nyingine ya kutosha ya kupata nafuu chini ya sheria nyingine. Wakili wa Serikali ataleta pingamizi la awali kwa msingi huo, muwe na uhakika.

Mdogo wako alipokuwa bado ndani, njia hiyo nyingine ilikuwa wazi na ya haraka: maombi chini ya kifungu cha 390 cha Sura ya 20, ya amri ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya Mahakama Kuu ili anayemshikilia aeleze kwa sheria ipi. Kwa yeyote anayesoma haya huku ndugu yake yuko mahabusu leo, huo ndio mlango wako, siyo ombi la kikatiba. Ombi la kikatiba husikilizwa na majaji watatu, baada ya jaji mmoja kulipima kama linafaa kusikilizwa, na haliwezi kwenda kwa kasi ya mtu anayelala sakafuni. Ila akishaachiwa au kufikishwa mahakamani, amri ya kumleta haina tena cha kuleta. Kwenu ninyi njia hiyo imekwisha, na mseme hivyo waziwazi kwenye ombi.

Njia inayobaki ni madai ya kawaida ya fidia kwa kuzuiliwa kinyume cha sheria, dhidi ya Serikali. Hayo yanahitaji notisi ya siku 90 chini ya Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, ikielezea msingi wa dai, ikipelekwa kwa idara husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali. Ukomo wa madai ya madhara ni miaka 3, lakini kuna kipengele cha mwaka 1 kwa madai ya fidia yanayotokana na jambo lililofanywa kwa kisingizio cha kutekeleza sheria, na hicho kinaweza kutumika dhidi yenu. Hesabuni mwaka 1.

Kwa sababu hiyo, kama mnachotaka ni fedha tu, ushauri wangu ni mwende kwenye madai ya fidia na ombi la kikatiba mliache. Mahakama itawaambia vivyo hivyo, baada ya miezi. Ombi la kikatiba lina nguvu pale mnapotaka mahakama itamke kwamba kilichofanyika kilivunja ibara ya 15, kwa sababu kesi ya fidia inapima hasara ya mtu na haijengwi kutoa tamko hilo. Basi tamko liwe ndilo ombi kuu, na aya moja ya ombi ieleze: amri ya kumleta haiwezekani tena, dhamana iliombwa mara mbili ikakataliwa, na madai ya fidia hayatoi tamko la haki ya msingi. Wakati huohuo pelekeni notisi ya siku 90. Notisi si kesi, haigongani na ombi, na inawalinda pingamizi likikubaliwa.

Amri za kuomba ziwe hivi:

*(a) Tamko kwamba kuzuiliwa kwa mleta maombi baada ya saa 3:20 asubuhi ya Jumatano tarehe ... hadi saa 8:00 mchana ya Jumatano tarehe ..., bila dhamana na bila kufikishwa mahakamani, kulikiuka ibara ya 15(1) na 15(2)(a) ya Katiba.*

*(b) Fidia kwa ukiukwaji huo kwa kiasi ambacho Mahakama itaona kinastahili.*

*(c) Kila upande ubebe gharama zake.*

*(d) Nafuu nyingine yoyote ambayo Mahakama itaona ni ya haki.*

Angalieni tamko linaanza wapi. Msidai kwamba saa zote 196 zilikuwa haramu, maana kukamatwa kwenyewe kunaweza kuwa kulikuwa na sababu, na mkidai nyingi mnalazimika kuthibitisha nyingi. Kuhusu (c), ni afadhali kuliko kudai gharama: mkishindwa, ombi hilo linawasaidia kutobebeshwa za upande wa pili.

Yapo ya kuyaacha. Msiombe kifungu cha 32 kitangazwe batili. Hilo ni shauri la aina nyingine, linaloshambulia sheria badala ya kitendo, na ninyi mnaitegemea sheria hiyohiyo kama kipimo. Msiombe polisi wazuiwe kumkamata tena, kwa kuwa hakuna mahakama itakayozuia ukamataji halali wa baadaye. Na kama bado wana simu yake, irudishwe kwa maombi kwa hakimu, siyo hapa.

Hati zinawekwa Masjala ya Mahakama Kuu Mbeya kupitia mfumo wa `e-CMS`. Ombi huwasilishwa kwa hati ya wito ikiambatana na viapo, na mnaweza kuandika kwa Kiswahili. Mkikutana na wakili, mpelekeeni kwanza jedwali la saa mliloandika kwa mkono, karatasi ya dhamana na jina la huyo dereva wa kijiweni. Na kama dhamana inamtaka mdogo wako aripoti kituoni, aendelee kuripoti bila kukosa, akiandika tarehe kila mara. Akikosa siku moja tu, dhamana inaweza kuvunjwa, na itawabidi mwanze kumtoa tena huku shauri likiwa mezani.